SOMO LA AFYA: MAJI YA MCHELE NA NDIZI MBIVU KWA MTOTO ANAYEHARISHA
Kazi ya kila kimoja, kipimo chake na mpaka wake

Wazazi, walezi na wafanyakazi wote wa Unguja na Pemba wanaletewa somo hili kuhusu matunzo ya mtoto mdogo anayeharisha. Katika nyumba nyingi za visiwani, mtoto akianza kuharisha, jambo la kwanza linalofanyika ni kuinjikwa sufuria ya mchele, na la pili ni kutafutwa ndizi mbivu. Desturi hiyo ni njema na haina sababu ya kuachwa. Hata hivyo, imekuwa ikionekana kwamba baadhi ya watoto hufikishwa kituo cha afya wakiwa wamelegea, ilhali nyumbani hawakunyimwa maji ya mchele wala ndizi. Walichokosa ni chumvi, na walikikosa kwa kuwa vyakula hivyo viwili vilipewa kazi isiyokuwa yao.

Makusudio ya somo hili ni kueleza kazi nne zilizo mbalimbali: kazi ya dawa ya chumvichumvi inayotiwa maji, kazi ya maji ya mchele, kazi ya ndizi mbivu na kazi ya vidonge vya zinki. Mzazi akishaelewa kila kimoja kinafanya nini, hatakuwa na haja ya kuchagua kimoja na kuacha vingine, wala hatakitegemea kimoja kwa kazi ya mwenziwe.

1. KITU ANACHOPOTEZA MTOTO

Mtoto huhesabiwa kuwa anaharisha anapopata choo chepesi cha majimaji mara tatu au zaidi katika muda wa saa 24. Choo hicho si maji matupu. Ndani yake hutoka pia chumvi ya kawaida, aina nyengine ya chumvi iitwayo potasiamu, na madini ya zinki kwa kiasi kidogo. Mwili wa mtoto mdogo hauna akiba kubwa ya vitu hivyo. Mtoto mwenye uzito wa kilo 9 akipoteza gramu 450 tu za maji, uzito ambao haufiki chupa moja ndogo ya maji ya dukani, tayari amepungukiwa na sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake, na dalili huanza kuonekana usoni.

Utumbo unaoharisha unaendelea kutoa maji, lakini uwezo wake wa kuyanyonya haujapotea. Katika ukuta wa utumbo iko njia inayoipokea chumvi na sukari kwa pamoja. Chumvi na sukari zinapopita, maji huzifuata. Chumvi ikija peke yake, njia hiyo haifunguki vizuri. Na sukari ikiwa nyingi kupita kiasi, huyavuta maji kutoka mwilini na kuyarudisha ndani ya utumbo. Hii ndiyo sababu soda, sharubati na chai yenye sukari nyingi humzidishia mtoto kuharisha, ingawa anavinywa kwa hamu.

Elimu hii ndiyo iliyozaa dawa ya chumvichumvi. Mwaka 1968 wagonjwa wa kipindupindu mjini Daka, katika nchi ambayo leo ni Bangladeshi, walinyweshwa maji yenye chumvi na sukari ya glukosi kwa kipimo maalumu, na haja ya kutundikiwa maji ya mshipani ikapungua sana. Mwaka 1971, wakati wa vita katika nchi hiyo, Daktari Dilipu Mahalanabisi aliitumia njia hiyo hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaoni, nchini India, baada ya maji ya mshipani kumwishia, na watu wengi sana wakaokoka.

2. DAWA YA CHUMVICHUMVI: KIPIMO NDICHO DAWA

Pakiti ya chumvichumvi, yenye herufi O.R.S. juu yake, ina vitu vinne: glukosi, chumvi ya kawaida, chumvi ya potasiamu na chumvi ya sitireti. Pakiti ya lita moja ina jumla ya gramu 20 na nusu. Kipimo hicho ndicho kilichopendekezwa kwa nchi zote tangu mwaka 2002, nacho kina chumvi na glukosi kidogo kuliko kile cha zamani, kwa kuwa ilionekana watoto hutapika kidogo zaidi na choo hupungua.

Kwa kuwa nguvu ya dawa hii imo katika kipimo, kosa kubwa hutokea katika maji. Pakiti ya lita moja hutiwa katika lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Nyumba isiyokuwa na chombo cha kupimia hutumia chupa mbili za maji za nusu lita, zikijazwa hadi pale yalipokuwa maji zilipouzwa. Chupa kubwa ya lita moja na nusu haifai kwa pakiti moja, kwani dawa itakuwa nyepesi mno. Vilevile kutia nusu ya pakiti katika kikombe kwa kukisia kunaweza kuifanya kali mno, na maji yenye chumvi nyingi ni ya hatari kwa mtoto. Ziko pia pakiti za nusu lita na za mililita 200. Kwa hiyo ni lazima maandishi ya pakiti yasomwe kabla ya kuifungua.

Dawa ikishachanganywa haichemshwi tena, haitiwi sukari, na haichanganywi na maji ya mchele, soda wala maziwa. Hufunikwa, na itakayobaki baada ya saa 24 humwagwa.

Jambo moja linapasa kuelezwa waziwazi, maana ndilo linalowafanya wazazi wengi waiache dawa hii siku ya pili: chumvichumvi haikusudiwi kukomesha choo. Kazi yake ni kurudisha kilichotoka. Mtoto anaweza kuendelea kuharisha kwa siku kadhaa huku akiwa na macho maangavu, anacheza na anakojoa kama kawaida. Mtoto wa namna hiyo anatibika, hata kama nepi bado zinafuliwa.

3. MAJI YA MCHELE

Wanga wa mchele ukipikwa vizuri huvunjika taratibu ndani ya utumbo na kuwa glukosi. Kwa kuwa glukosi hiyo huja kidogo kidogo, haiyavuti maji kama inavyofanya sukari nyingi iliyotiwa kwa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Daka walijaribu kuweka unga wa mchele mahali pa glukosi katika chumvichumvi, na wagonjwa wa kipindupindu wakapata choo kidogo zaidi. Kwa watoto wanaoharisha kwa sababu nyengine, faida hiyo haikuwa kubwa kuishinda chumvichumvi ya kawaida. Mafanikio hayo pia yalikuwa ya mchele uliotiwa chumvi zote kwa mizani. Hayakuwa ya maji matupu ya mchele.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa maji ya mchele ya nyumbani. Yana maji, yana wanga, na tumbo la mtoto huyapokea vizuri. Lakini yakipikwa bila ya chumvi, hayana chumvi ya kurudisha ile iliyotoka. Mtoto aliyeharisha mara nyingi akinyweshwa hayo peke yake atajaa maji tumboni, na damu yake itaendelea kupungukiwa na chumvi. Atalegea ingawa amekunywa.

Namna ya kuyatengeneza ni hii. Chukua vijiko vinne vya mezani vya mchele vilivyosawazishwa, takriban gramu 50, uchague na uuoshe. Utie katika maji ya lita moja na robo na uchemshe mpaka punje zipasuke na kulainika kabisa. Pondaponda punje kwa mwiko, kisha chuja au acha uji mwembamba unaoweza kunyweka kwa kikombe. Kama maji yamepungua, ongeza maji yaliyochemshwa mpaka yafike lita moja. Tia chumvi ya mezani nusu ya kijiko cha chai, kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa kisu, ambayo ni karibu gramu 3. Isizidi hapo. Mpikaji aonje kabla ya kumpa mtoto: yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwagwe na kupikwa mengine. Sukari haitiwi.

Maji ya mchele huchacha upesi katika joto la visiwani. Yaliyopikwa asubuhi yasivuke saa sita kutoka kuiva kwake, na yakianza kuvutika au kutoa harufu ya uchachu yamwagwe. Maji yaliyooshea mchele mbichi si maji ya mchele ya somo hili, wala mtoto asinyweshwe.

Kama pakiti ya chumvichumvi imo nyumbani, hiyo ndiyo inayotangulia, na maji ya mchele huwa kinywaji cha kati na chakula chepesi. Kama pakiti haipo, maji ya mchele yenye chumvi kwa kipimo kilichotajwa humshika mtoto ambaye bado hajaonesha dalili za kupungukiwa na maji, wakati mtu mwengine akienda kuitafuta pakiti. Hayatoshi kwa mtoto ambaye macho yamekwisha kuzama.

4. NDIZI MBIVU

Ndizi inasifiwa nyumbani kwamba hufunga tumbo. Sifa yake iliyo kubwa zaidi ni potasiamu. Chumvi hii ndiyo inayoziwezesha nyama za mwili kufanya kazi, zikiwemo nyama za utumbo na za moyo. Mtoto aliyeipoteza kwa wingi hulegea shingo na miguu, na tumbo lake huvimba likawa kama ngoma kwa kuwa utumbo hausukumi vizuri. Gramu 100 za ndizi mbivu, yaani nyama ya ndizi moja ya wastani, zina kiasi cha miligramu 350 za potasiamu. Hiyo ni karibu na nusu ya potasiamu iliyomo katika lita nzima ya chumvichumvi. Ndizi ndogo kama kisukari zina kiasi hicho kwa mbili au zaidi.

Lakini ndizi hiyo hiyo karibu haina chumvi ya kawaida kabisa. Kwa hiyo ndizi huongeza kile ambacho maji ya mchele yana kidogo, na wala hairudishi ile chumvi ambayo vyote viwili havina. Mtoto aliyelishwa maji ya mchele yasiyo na chumvi pamoja na ndizi, kutwa nzima, amepata maji, wanga na potasiamu. Chumvi bado anaidai. Vilevile dafu, ambalo wengi hulipenda kwa kazi hii, lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Linafaa kunywewa kati, na halichukui nafasi ya pakiti.

Ndizi ya mtoto iwe imeiva barabara, ganda lake limeanza vidoa vyeusi na nyama yake ni laini. Ndizi iliyo nusu mbivu bado ina wanga mwingi ambao haujawa sukari, na ikiliwa mbichi humsumbua mtoto mchanga. Huoshwa kabla ya kumenywa, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, kisha hupondwa kwa uma au kijiko na kulishwa mara moja. Nusu ya ndizi ya wastani inatosha kwa mlo mmoja wa mtoto wa mwaka mmoja, na anaweza kupewa tena mara mbili au tatu kwa siku. Wazee wanaotumia ndizi mbichi iliyopikwa nao hawakukosea: utafiti uliotolewa Daka mwaka 2001 ulionesha kwamba ndizi mbichi iliyochemshwa na kuchanganywa na chakula cha mchele iliwasaidia watoto walioharisha kwa muda mrefu. Watoto hao, hata hivyo, walikuwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Mtoto asiyetimiza miezi sita hapewi maji ya mchele wala ndizi. Yeye ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, mchana na usiku, na anapewa chumvichumvi na zinki kama alivyoelekeza mfanyakazi wa afya.

Aidha, maji ya mchele na ndizi visigeuzwe kuwa chakula pekee kwa siku nyingi. Vyote viwili vina mafuta na protini kidogo mno. Mtoto aliyezoea kula aendelee kupewa chakula chake kwa vijisehemu vidogo vidogo: uji ulioungwa kwa maziwa au tui kidogo, wali laini na choroko, mchuzi wa samaki asiye na miba. Baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa wiki mbili, ili arudishe uzito uliopotea.

5. VIDONGE VYA ZINKI

Zinki ni madini ambayo mwili huyatumia kuufanyia matengenezo ukuta wa utumbo na kujikinga na maradhi. Tangu mwaka 2004 mashirika ya afya na ya watoto ya Umoja wa Mataifa yamezitaka nchi zote ziitoe pamoja na chumvichumvi. Inapunguza siku za kuharisha, na inapunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Hakuna chakula cha nyumbani kinachoweza kuchukua nafasi ya kidonge hicho wakati wa kuharisha. Ili mtoto apate miligramu 20 za zinki kutoka katika ndizi mbivu, angehitaji zaidi ya ndizi 100 za wastani.

Dozi iliyozoeleka tangu mwaka huo wa 2004 ni miligramu 10 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, na miligramu 20 kwa mkubwa zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti uliofanyika India na Dar es Salaam, ulioonesha kwamba dozi ndogo za miligramu 5 na 10 zilifanya kazi sawasawa na ile ya 20, na watoto walitapika kidogo. Kwa sababu hiyo, mzazi atakayeandikiwa dozi ndogo kuliko ya jirani yake asidhani kwamba amepunjwa. Dozi iliyoandikwa na kituo kwa mtoto huyo ndiyo ya kufuatwa.

Kidonge huwekwa katika kijiko pamoja na maji safi kidogo, maziwa ya mama au chumvichumvi, kikaachwa kuyeyuka, kisha mtoto akanyweshwa. Kina ladha ya chuma, na baadhi ya watoto hukitema. Mtoto akitapika kabla ya kupita nusu saa, hupewa chengine mara moja. Kosa linalotokea sana ni kukiacha siku ya tatu au ya nne kwa kuwa choo kimekauka. Faida ya kumkinga mtoto miezi ya mbele imo katika siku hizo zilizosalia, kwa hiyo vidonge vimalizwe.

Kwa upande wa pili, zinki haikukusudiwa kulishwa mtoto mzima kila siku kwa kukisia. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa Pemba, ukatolewa mwaka 2007, uliwapa watoto zinki kila siku bila ya kungoja waugue, na haukuthibitisha kwamba vifo vilipungua. Vidonge vilivyobaki virudishwe kituoni au viulizwe, visiwekwe kabatini kwa mtoto mwengine.

6. MFANO

Achukuliwe mtoto wa miezi 14, mwenye uzito wa kilo 9. Ameanza kuharisha usiku. Mpaka saa mbili asubuhi amepata choo cha majimaji mara sita na ametapika mara mbili. Bibi yake amempikia maji ya mchele, hayakutiwa chumvi, na mtoto amekunywa vikombe viwili. Amelishwa pia ndizi moja. Mama anaona mtoto analialia bila ya kutulia, macho yamezama kidogo, na kila akiona kikombe anakirukia.

Mama amfinye ngozi ya tumbo taratibu kwa vidole viwili, kati ya kitovu na ubavu, kisha aiachie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ya mtoto huyu inarudi polepole. Kukosa utulivu, macho kuzama, kiu kubwa na ngozi kurudi polepole ni dalili nne. Mbili kati yao zinatosha kuonesha kwamba amepungukiwa na maji. Huyu hatibiwi tena nyumbani kwa maji ya mchele. Anapelekwa kituo cha afya, na njiani anaendelea kunyonya na kunyweshwa chumvichumvi ikiwa ipo.

Kituoni hupimwa uzito. Kipimo cha kumrudishia maji ni mililita 75 kwa kila kilo moja, kwa muda wa saa nne. Kilo 9 mara 75 ni mililita 675, yaani zaidi kidogo ya nusu lita na robo yake. Hesabu hii ina maana yake: mtoto aliye katika hali hiyo huwa amepoteza kati ya sehemu 5 na 10 katika 100 za uzito wake, nayo kwa kilo 9 ni kati ya gramu 450 na 900. Kipimo kinaangukia katikati.

Mililita 675 zinaonekana nyingi kwa mtoto aliyetapika. Zikigawiwa katika saa nne, ni mililita 14 kila dakika tano, ambazo ni vijiko vitatu vya chai. Mama huanza saa tatu asubuhi, kijiko baada ya kijiko, bila ya chupa ya chuchu. Mtoto akitapika, mama anangoja dakika kumi, kisha anaanza tena polepole zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Akitaka zaidi ya kipimo, anapewa. Kunyonya kunaendelea. Katika saa nne hizi ndizi na maji ya mchele vinawekwa kando, ili tumbo lisijae kabla ya chumvi kurudi.

Saa saba mchana anachunguzwa upya. Ngozi inarudi upesi, amekojoa, na amelala usingizi wa kawaida. Choo bado ni chepesi, na hilo halimtii mtu wasiwasi. Sasa ndipo anapolishwa ndizi mbivu iliyopondwa na uji mwepesi wa mchele. Anapewa kidonge cha kwanza cha zinki, na mama anarudi nyumbani na pakiti za chumvichumvi za siku mbili na vidonge vilivyosalia.

Nyumbani, kila baada ya choo chepesi mtoto huyu anapewa mililita 50 hadi 100 za chumvichumvi, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Mtoto wa miaka miwili au zaidi angepewa mililita 100 hadi 200. Kati ya choo na choo anapewa maji ya mchele yenye chumvi kwa kipimo, ndizi, na vyakula vyake vyengine. Bibi hakunyang'anywa sufuria yake. Ameongezewa nusu kijiko cha chumvi na ameoneshwa zamu yake.

7. DALILI ZA KUTOKUNGOJA

Mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, hata usiku, ikiwa lolote kati ya haya litaonekana:

(a) Hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila anachopewa.
(b) Amelegea, anasinzia kupita kawaida, au haamshiki.
(c) Ngozi ya tumbo ikifinywa inakaa sekunde mbili au zaidi kabla ya kurudi.
(d) Choo kina damu.
(e) Choo ni kingi mno na cheupe mfano wa maji ya kuoshea mchele. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kipindupindu, na sheha wa shehia naye aarifiwe ili majirani wakingwe.
(f) Ana homa kali, au tumbo limevimba.
(g) Siku tatu zimepita bila ya nafuu.

Mtoto asiyeweza kunywa au asiyeamshika asilazimishwe kunyweshwa kitu chochote mdomoni, kwani kinaweza kumwingia mapafuni. Vilevile vidonge vya kufunga choo vinavyotumiwa na watu wazima asipewe kabisa mtoto mdogo, na dawa za kuua vijidudu zisitumike bila ya kuandikwa na daktari.

8. MUHTASARI WA KUBANDIKA JIKONI

Chumvichumvi hurudisha maji na chumvi: pakiti ya lita moja, maji lita moja, baada ya kila choo chepesi.
Maji ya mchele ni kinywaji na chakula chepesi: mchele vijiko vinne, maji lita moja, chumvi nusu kijiko cha chai, yasivuke saa sita.
Ndizi mbivu hurudisha potasiamu: nusu ndizi iliyopondwa, mara mbili au tatu kwa siku.
Zinki hufupisha maradhi na kuzuia yasirudi upesi: kidonge kila siku, mpaka vimalizike.
Mtoto wa chini ya miezi sita: maziwa ya mama, chumvichumvi na zinki tu.

Wakuu wa idara, walimu wakuu na masheha wanaombwa kuubandika muhtasari huu katika mbao zao za matangazo, na wananchi wasiojua kusoma wasomewe. Kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano iweke pakiti mbili za chumvichumvi mahali pakavu, pamoja na chupa mbili safi za nusu lita za kupimia.